Kifupisho cha mradi kinaleta shida? Dalili, sababu na namna ya kukirekebisha kabla hujatuma andiko kwa mfadhili

"Habari mzee, napiga kutoka mradi wa SHIDA."

Kimya kidogo upande wa pili, halafu mtendaji wa kijiji akasema, "Shida gani tena mwanangu, hebu sema."

Kijana wetu alikuwa ameweka simu spika, sisi wengine tumemzunguka tunasubiri kusikia kama kijiji kitatupa barua ya kutuunga mkono, na hapo hapo ndo tukajua tuna tatizo ambalo tumelibeba zaidi ya miezi miwili bila kuliona. Jina refu la mradi lilikuwa hili:

```
Safe Harvesting and Improved Drying against Aflatoxin
```

Yaani kuvuna salama na kukausha vizuri mahindi ili yasiingie sumukuvu. Ulikuwa utafiti wa vijiji vya Dodoma na Manyara, huko watu bado wanakumbuka vifo vya sumukuvu vya mwaka 2016. Kifupisho alikitunga mwenzetu wa Ulaya, na kwa Kiingereza huwezi kumlaumu, herufi zote ni za mwanzo wa neno, tano tu, inatamkika, sawa kabisa. Wenye kosa ni sisi Waswahili wa timu. Tulikuwa tunalisoma kwa macho kwenye imeili, herufi kubwa katikati ya sentensi za Kiingereza, jicho linapita tu. Siku lilipotamkwa kwa mara ya kwanza ndani ya sentensi ya Kiswahili likageuka neno.

Toka hapo kila andiko linalopita mezani kwangu naanza na jina, na nimeona magonjwa ni yale yale, kwa hiyo nayaweka hapa. Sitayapa nafasi sawa kwa sababu hayana uzito sawa.

Dalili: kwenye karatasi kinapendeza, kikitamkwa watu wanacheka au wanauliza swali la ajabu

Hii ndo kubwa kuliko zote na sababu yake iko kwenye Kiswahili chenyewe. Mzungu akisema "SHIDA project" jina linakaa peke yake kama lebo. Sisi tunasema mradi WA, gari LA, watu WA, fedha ZA, na hiyo -a ndogo inafanya kinachofuata kiwe maelezo ya kilichotangulia. Mradi wa SHIDA ni mradi wenye shida. Fedha za SHIDA ni zile unakopa mtoto akiugua usiku. Watu wa SHIDA, hapo sisemi. Msikilizaji haoni herufi kubwa, anasikia neno tu.

Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji mtaalamu, chukua kifupisho chako kiweke kwenye sentensi hizi na uziseme kwa sauti, sio kichwani:

Mimi ni mtafiti wa ___. Hili ni gari la ___. Mama, umeshajaza fomu ya ___? Watoto wa ___ waje huku. ___ imefika kijijini. ___ imeisha mwezi wa sita.

Sentensi ya "watoto wa" msiiruke kama utafiti wenu una washiriki, kwa sababu ndo itakayosemwa kila siku kwenye korido ya zahanati mbele ya mama mwenye mtoto.

Mfano wa jina linalopita vizuri ni Mema kwa Vijana, ule mradi wa afya ya uzazi wa Mwanza ulioanza miaka ya mwisho ya tisini. Sema "watu wa Mema kwa Vijana" uone, haina kona. SASA! ya Kampala, ya kuzuia ukatili dhidi ya wanawake, nayo ni kazi nzuri sana, herufi nne za maneno manne ya Kiingereza yanayotaja hatua nne za mradi, kuanza, kuelewa, kusaidiana na kuchukua hatua, na zikiungana zinatoa neno la Kiswahili ambalo kila mtu analitamka bila kufundishwa. Hata hivyo ukiiweka kwenye kipimo changu, "mradi wa sasa" ni ule uliopo leo tofauti na wa zamani. Ni kaujanja kadogo, hakadhuru mtu, ila unaona hata jina zuri linabanwa na ile -a.

Sasa kuna ngazi ya pili ambayo kamusi haikusaidii, nayo ni maneno ya mtaani. Baada ya SHIDA kufa mtu mmoja kwenye timu akapendekeza KAUSHA, tukafurahi, si ndo kazi yenyewe, kukausha mahindi? Dereva ndo alituokoa. Akasema bosi, mradi wa kausha, watu watajua ni mikopo. Kweli kabisa, kausha damu ni ile mikopo ya riba ya kikatili inayowafilisi kina mama mitaani, na ukiingia kijijini na gari limeandikwa KAUSHA ubavuni kuna nyumba zitafungwa milango. Kamusi ingetuambia kausha ni kuondoa maji, basi.

Na kama utafiti wako unachukua damu, mate, au kitu chochote cha mwilini, kaa mbali na majina yanayogusa hivyo vitu hata kwa mbali. DAMU ni kifupisho rahisi sana kukipata kwa Kiingereza na kibaya sana kukitumia. Hadithi za mumiani hazijaisha, watafiti wa Afrika Mashariki wamekutana nazo miaka mingi, na usiziletee stika ya kwenye gari.

Ngazi ya tatu ni mpaka. Neno likivuka mpaka linabadilika. Wote tunajua tamasha la Nyege Nyege la Uganda, kwa Waganda ni ile hamu ya kucheza inayokushika ngoma ikilia, kwa Mswahili sihitaji kueleza, na mwaka 2022 lilijadiliwa mpaka bungeni Kampala. Kwa hiyo kama mradi una vituo nchi tatu usimuulize mtu mmoja wa Dar. Tafuta mtu mzima mmoja kila kituo, anayeongea lugha ya pale nyumbani, mtamkie kwa simu, muulize "hili neno linakukumbusha nini?" Usimuulize "ni zuri?" kwa sababu atakuambia zuri, ndo adabu yetu.

Dalili: kila mtu anatamka kivyake, wengine wanataja herufi moja moja

Hapa tatizo ni konsonanti zimejazana. Mdomo wa Mswahili unataka kila konsonanti ipate irabu yake, ukimpa STRMP atakuongezea irabu mwenyewe, na kila mtu ataongeza ya kwake, mwishoni mna majina manne ya mradi mmoja. Kinachochanganya zaidi ni irabu zenyewe, kifupisho chenye EA au OU Mwingereza anakisoma sauti moja, sisi tunasoma zote mbili kama zilivyoandikwa. Mtu wa London na mtu wa Lindi wanaongelea mradi huo huo kwenye mkutano wa Zoom na hawajui.

Jaribio ni la simu. Mpigie mtu ambaye hajawahi kuona jina, litamke mara moja, mwambie aliandike akutumie kwa wasapu. Watu watano wanatosha. Wakiandika vitu vitatu tofauti, jina halifai, na usijitetee kwamba watazoea.

Tiba ipo na serikali yetu imeitumia miaka yote, acha kuchukua herufi za mwanzo, chukua silabi. TAKUKURU ni Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, angalia, TA, KU, KU, RU. MKURABITA ni ndefu lakini mtoto wa darasa la tatu anaisoma. UKIMWI ni neno lililotengenezwa hivyo hivyo kutoka upungufu wa kinga mwilini na leo wengi hawakumbuki hata kama ni kifupisho. Njia hii ina faida nyingine, ukiongeza kazi unaongeza silabi. Ile taasisi zamani ilikuwa TAKURU, kupambana kulipoingia kwenye jina ikaongezwa KU moja tu na maisha yakaendelea.

Dalili: jina linaahidi kitu ambacho utafiti haujui bado

TIBA, PONA, OKOA, TUMAINI. Navielewa vishawishi, mfadhili anapenda, tisheti inapendeza. Lakini kama ni jaribio lenye makundi mawili na kundi moja linapata dawa mpya ambayo wewe mwenyewe hujui kama inafanya kazi, halafu kwenye fomu ya ridhaa juu kabisa kumeandikwa PONA, huyo mama amekubali kitu gani? Amekubali kupona. Mjumbe makini wa kamati ya maadili atalishika hilo, na akilishika utarudishiwa makaratasi yote.

Kumbuka jina linatungwa kabla majibu hayajatoka. Mfano unaonikaa kichwani ni FEAST, jaribio kubwa la Kenya, Uganda na Tanzania lililotoa majibu mwaka 2011. Waliangalia watoto wenye homa kali ambao mzunguko wao wa damu umekuwa hafifu, kama kuwapa maji ya dripu kwa haraka kunawasaidia. Kiutunzi kifupisho ni safi kabisa, herufi zote za mwanzo. Neno lenyewe kwa Kiingereza ni karamu. Majibu yalikuja kinyume na walivyotarajia madaktari wengi, ndani ya saa 48 walifariki asilimia 10.6 na 10.5 kwenye makundi mawili yaliyopewa maji ya haraka, na asilimia 7.3 kwenye kundi ambalo halikupewa. Ni utafiti mzuri mno na umebadilisha mawazo ya watu, ila kila ninapousoma lile neno karamu linakaa vibaya juu ya jedwali la vifo vya watoto. Kwa hiyo jiulize hivi, majibu yakija mabaya kuliko yote, hili jina nitaweza kulisoma mbele ya wazazi?

Dalili: ukieleza herufi zinatoka wapi watu wanakukodolea macho

Hiki ni kifupisho cha kuokoteza. Herufi ya pili ya neno la kwanza, ya mwisho ya neno la nne, "na" imehesabiwa, "kwa" haikuhesabiwa. Chanzo chake ni kimoja, mmependa neno kwanza halafu mkaanza kulazimisha jina refu liingie. Mimi nina sheria yangu, herufi inatoka mwanzo wa neno, au herufi mbili tatu za mwanzo zilizofuatana, nje ya hapo hapana. Na jina refu lisomwe na mtu asiyejua kifupisho, akilisikia kama Kiingereza cha kuunga unga, limeharibika.

Ngoja nirudi kwenye mradi wetu maana hapa ndo tulitumia siku mbili nzima. Tulijaribu herufi za kuvuna, kukausha na kuhifadhi kwa Kiingereza, hazitoi kitu. Jamaa wa kompyuta akachukua orodha ya maneno ya Kiswahili ile inayokuja na kikagua tahajia cha LibreOffice, akawa anatafuta maneno yenye konsonanti zetu kwa mpangilio, irabu zozote katikati:

```
grep -iE '^g[aeiou]*h[aeiou]*l[aeiou]*a(/|$)' sw_TZ.dic
```

Hizo herufi unabadilisha ziwe za maneno yako. Huu mstari ulitupa ghala, na jina refu likakaa bila kuokoteza:

```
Grain HAndling to Limit Aflatoxin
```

Tulishangilia kama tumeshinda mechi. Ghala, mahindi, uhifadhi, nini tena unataka? Tukalipitisha kwenye sentensi zangu, "mradi wa GHALA", likapita, hakuna aliyecheka. Tukawapigia watu watatu wa vijijini. Wawili wakauliza mnaanza kujenga lini. Wa tatu akauliza kama tunaleta stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kuuza mazao kupitia ghala, na sauti yake haikuwa ya furaha.

Ukitulia unaona ni ugonjwa ule ule wa SHIDA, sema huu hauchekeshi. Mradi wa ghala ni mradi wa kujenga ghala, Kiswahili hakina namna nyingine ya kuisikia hiyo. Bajeti yetu ilikuwa na maturubai, vichanja na vipima unyevu, hakukuwa na tofali hata moja. Mwaka wa pili tungekuwa tunaulizwa jengo liko wapi na diwani.

Hapo ndo nilibadilisha msimamo wangu wa siku nyingi. Tunang'ang'ania kifupisho kiwe neno linalojulikana kwa sababu tumeona Waingereza wanafanya hivyo, kwao neno linakaa tu kama pambo. Kwetu neno lenye maana litafanya kazi yake ya maana utake usitake. Bora kitu ambacho hakina maana yoyote lakini kinatamkika. Tukarudi kwenye silabi, vuna, kausha, hifadhi, tukachukua VU, KA, HI.

VUKAHI. Watu watano wa simu, watano wote wakaandika sawa. Mtafiti wa VUKAHI, gari la VUKAHI, watoto wa VUKAHI, hakuna kinachoning'inia. Yule mwenzetu wa Ulaya alilitamka vizuri mara ya kwanza, na kwenye andiko la Kiingereza tukaweka sentensi moja ukurasa wa kwanza inayosema maneno matatu ya Kiswahili yanamaanisha nini. Nilidhani wapitiaji watalalamika jina sio la Kiingereza, hakuna aliyeligusa.

Dalili: fomu inakataa, au ukilitafuta mtandaoni hulioni

Hizi ni za haraka. Fomu ya Horizon Europe, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kufadhili utafiti, ambayo hata waombaji wa Global Health EDCTP3 wanapitia mfumo huo huo, inataka kifupisho kisizidi herufi 20, herufi za kawaida na namba tu, alama hazitakiwi, kwa hiyo ule mshangao wako mwishoni na kistari cha katikati viache. Jina refu lina nafasi ya herufi 200 pamoja na nafasi tupu, na ndiko pa kuweka vitu ambavyo kifupisho kimeshindwa kubeba. Kwetu sumukuvu haimo kwenye VUKAHI lakini imo kwenye jina refu.

Kutafuta, usiishie kugugo. Ingia ClinicalTrials.gov, ingia PACTR ambayo ni sajili ya majaribio ya Afrika, ingia CORDIS kwa miradi ya Ulaya, andika kifupisho peke yake halafu kifupisho na mada. MAISHA, AFYA, TUMAINI, JAMII, hayo usihangaike, yameshachukuliwa na mashirika, redio, benki na maduka ya dawa. Jina likifanana na la mradi wa ugonjwa mwingine nchi nyingine unaweza kuvumilia, likifanana na la mradi wa mada yako hapo hapo Tanzania libadilishe leo.

Umeshatuma tayari?

Inategemea uko wapi. Sisi tulikuwa tumepita hatua ya kwanza tu, tukamwandikia mfadhili, wakajibu wao wanafuata namba ya andiko, tubadilishe na tueleze mstari mmoja. Ukishapata kibali cha maadili na kibali cha utafiti cha COSTECH mambo yanakuwa mazito, jina liko kwenye fomu za ridhaa, kwenye vyeti, kwenye sajili, kwenye akaunti ya benki, na kila kimoja kina maombi yake ya marekebisho. Kwa hatua hiyo mimi naacha kifupisho kwenye makaratasi kama kilivyo, halafu naomba kibali cha jina la kijijini, la Kiswahili, la kwenye gari na vipeperushi, kwa sababu hilo ni badiliko moja badala ya kumi. Ila lazima fomu ya ridhaa itaje yote mawili, mshiriki asije akadhani ni miradi miwili.

Kijana wetu akampigia tena yule mtendaji. Habari mzee, napiga kutoka mradi wa VUKAHI.

"Vukahi ndo nini?"

"Vuna, kausha, hifadhi."

"Aaa." Akakaa kidogo. "Na kupukuchua je? Si ndo hapo mahindi yanapigwa yanapasuka?"

Tuliangaliana. Kupukuchua hakukuwepo popote kwenye andiko, na punje iliyopasuka kuvu inaingia kirahisi. Tukakuongeza kwenye ukurasa wa shughuli jioni ile ile, jina tukaliacha.